Rejista tatu kwa vigeu vitano
Kompaila inapogawa rejista za prosesa huzingatia sharti moja: vigeu viwili vilivyo hai kwa wakati mmoja visitumie rejista moja. Kila kigeu huchorwa kama nodi, vinavyogongana huunganishwa kwa mstari, kisha grafu hupakwa rangi, kila rangi ikiwa rejista. Gregory Chaitin na wenzake wa IBM walifuata njia hii mwaka 1981, wakaona kwamba programu zinaweza kuzaa grafu ya umbo lolote. Kwa grafu ya umbo lolote, hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata rangi chache kabisa.

Tazama programu hii:

```
a = soma()
b = soma()
c = soma()
d = a + 1
andika(b + c)
e = soma()
andika(d + e)
```

Hapa a, b na c ziko hai pamoja. Kisha d inazaliwa a ikifa, na inagongana na b na c. Mwishoni e inagongana na d peke yake. Sasa paka rangi, kila nodi ikipewa namba ndogo kabisa ambayo jirani zake hawana. Ukifuata mpangilio wa a, e, d, b, c, utapata 1, 1, 2, 3, 4: rejista nne. Ukifuata mpangilio wa kuzaliwa, a, b, c, d, e, utapata 1, 2, 3, 1, 2. Tatu zinatosha, na chini ya hapo haiwezekani, kwa kuwa a, b na c zinagongana zote.

Mpangilio wa kuzaliwa una siri nzuri sana. Kigeu kinapozaliwa, jirani zake waliotangulia wote wako hai pale pale, kwa hiyo wanagongana wao kwa wao. Wakiwa wawili, rangi ya tatu inatosha, na rangi hiyo ingehitajika kwa vyovyote. Ukiusoma kinyumenyume, e, d, c, b, a, kila nodi unayoiondoa huacha jirani waliounganika wote. Huo ndio mpangilio kamili wa uondoaji. Grafu huwa nao pale tu ambapo kila mzunguko wa nodi nne au zaidi una ugwe, yaani mstari unaounganisha nodi mbili zisizofuatana katika mzunguko.

Mwaka 2006 Sebastian Hack, Daniel Grund na Gerhard Goos wa Karlsruhe walichapisha mbinu ya kugawa rejista iliyojengwa juu ya jambo hili. Programu ikiandikwa kwa umbo la SSA, ambamo kila kigeu hupewa thamani mahali pamoja tu, grafu yake ina nyugwe daima, hata penye matawi na vitanzi. Kwa hiyo kompaila huhesabu kwanza vigeu vingi kabisa vilivyo hai pamoja. Vikizidi rejista zilizopo, baadhi huhamishiwa kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo upakaji rangi hauwezi kukwama.

Ugumu unabaki pale matawi yanapokutana. Thamani moja ikifika katika rejista tofauti kutoka kila tawi, lazima inakiliwe, na kupunguza nakala hizo kufikia idadi ndogo kabisa bado ni tatizo gumu.