Subira Isiyo na Kalenda: Uhakiki wa Mtangazaji wa Kuandikiwa katika Vipindi vya Redio vya Maswali ya Mapenzi, kwa Kurejelea Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kipindi cha redio ambacho simu za wasikilizaji na majibu ya mtangazaji vyote vimeandikwa kabla ya kurekodiwa. Yanadai kwamba udhaifu mkuu wa miswada ya aina hii hutokana na swali kutungwa kwa kipimo cha jibu. Dai hilo linapimwa kwa kuchunguza maneno subira, uvumilivu na kutendwa katika mazungumzo yaliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi, yakiwekwa katika mazingira ya Bariadi na maeneo jirani ya mkoa wa Simiyu.

1.0 Utangulizi

Ushauri wa mapenzi una wenyewe katika jamii za Waswahili na majirani zao. Katika pwani, kazi hiyo ni ya kungwi au somo. Katika jamii nyingi za bara ni ya shangazi. Wote hao hushauri faraghani, na humshauri mtu ambaye nyumba yake wanaijua. Vyombo vya habari vilipoichukua kazi hii viliichukua pamoja na jina lake, kama inavyoonekana katika safu ya "Shangazi Akujibu" ya gazeti la Taifa Leo nchini Kenya. Kilichobaki nyuma ni ule ujuzi wa nyumba. Shangazi wa gazetini au redioni hamjui baba wa muulizaji, wala hajui ng'ombe wangapi walikwisha kutajwa.

Mtangazaji wa kuandikiwa yuko mbali zaidi. Katika kipindi chake hakuna simu inayopigwa: mwandishi hutunga swali, hutunga jibu, kisha waigizaji wawili huyasoma. Goffman, katika kazi yake ya mwaka 1981 kuhusu namna za mazungumzo, aligawa dhima za msemaji katika tatu: anayetoa sauti, anayechagua maneno, na yule ambaye msimamo wake ndio unaotangazwa. Katika kipindi hiki sauti ni ya mwigizaji, maneno ni ya mwandishi, na msimamo ni wa kituo au mradi uliogharimia kipindi. Msikilizaji husikia mtu mmoja tu, "anti", na humpa yeye imani yote. Hapo ndipo uhakiki unapopata kazi ya kufanya, kwani ushauri huo huweza kufuatwa na mtu ambaye hayumo katika muswada.

2.0 Swali lililopimwa kwa jibu

Tofauti kati ya simu halisi na simu ya kuandikiwa huonekana vizuri zaidi pale pande mbili zinapokutana hewani. Katika Patanisho, sehemu ya kipindi cha asubuhi cha Gidi na Ghost katika Radio Jambo nchini Kenya, anayetaka kusuluhishwa huwasilisha ombi, kisha mwenzake hupigiwa simu. Mwenzake huyo anaweza kukubali, kukataa, kufichua jambo ambalo mwombaji alilificha, au kukata simu. Mtangazaji hana uwezo wa kuamua mwisho. Muswada hauna mtu wa aina hiyo. Mwandishi asipojilazimisha kumtunga mwenye kupinga, kila swali litaelekea palepale jibu lilipo.

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya makala haya ili kuonyesha mwelekeo huo.

Mfano wa 1

Msikilizaji: Shikamoo anti.
Mtangazaji: Marahaba mwanangu, karibu. Unatupigia kutoka wapi?
Msikilizaji: Niko hapa Bariadi. Anti, nauliza, ukimpenda mtu unapaswa kuwa na subira mpaka lini?
Mtangazaji: Mwanangu, subira yavuta heri. Mapenzi ya kweli hayana haraka. Aliye wako atakuja, na asiye wako ataondoka hata ukimfunga kamba.
Msikilizaji: Asante anti, nimekuelewa.

Kisarufi, swali lina kiulizi cha wakati: "mpaka lini". Linadai kikomo. Jibu linasifu subira bila kutaja kikomo chochote, na hata hivyo msikilizaji anasema ameelewa. Neno "nimekuelewa" halitokani na kilichosemwa. Limewekwa ili kufunga mazungumzo. Katika miswada ya namna hii, shukrani inayofuata jibu lisilojibu ndiyo dalili ya kwanza kwamba msikilizaji hakupewa nafsi.

Dalili ya pili iko katika kiambishi cha nafsi. "Ukimpenda mtu unapaswa" ina kiambishi cha nafsi ya pili umoja kinachoweza kumaanisha mtu yeyote. Wazungumzaji wa Kiswahili hukitumia sana kujisitiri: anayesema "ukimpenda mtu" mara nyingi anasema "nimempenda mtu". Mtangazaji wa Mfano wa 1 amekichukua kiambishi kwa maana yake ya jumla na kukijibu kwa methali, ambayo nayo ni kauli ya jumla. Sitara ya muulizaji imegeuzwa kuwa mada.

Huenda ikatetewa kwamba ujumla huo unalinda siri za watu. Utetezi huo unafaa kwa simu halisi, kwa kuwa Bariadi ni mji ambao sauti ya mtu hutambulika. Katika muswada hakuna wa kulindwa. Mwandishi ana uhuru ambao mtangazaji wa moja kwa moja hana, wa kuingia ndani ya tukio bila kumwaibisha mtu, na anayeuacha uhuru huo anakuwa ameiacha faida kuu ya kuandika.

3.0 Subira na uvumilivu

Maneno subira na uvumilivu hutolewa mara nyingi kama visawe, na methali "Mvumilivu hula mbivu" huwekwa sambamba na "Subira yavuta heri". Vitenzi vyake, hata hivyo, vinatofautiana vinapopewa yambwa. Kumsubiri mtu ni kungoja afike. Hayupo, au bado hajatimiza. Kumvumilia mtu ni kubeba anayoyatenda. Yupo, na tayari anatenda. Subira inatazama jambo lijalo, kwa hiyo inaweza kuulizwa tarehe. Uvumilivu unabeba jambo lililopo, kwa hiyo unaulizwa uzito. Mshauri anayemwambia mwenye mzigo asubiri amemwahidi kitu ambacho hakuna aliyekiahidi.

Tofauti hii inaweza kugeuzwa kuwa swali, na swali hilo likabadilisha mazungumzo yote.

Mfano wa 2

Mtangazaji: Mwanangu, huyo mtu unamsubiri au unamvumilia?
Msikilizaji: Namsubiri. Alisema akishauza pamba, wazee wake watakuja nyumbani kuzungumza mahari.
Mtangazaji: Pamba ya mwaka huu?
Msikilizaji: Ya mwaka juzi.
Mtangazaji: Na baada ya kuuza alikwambiaje?
Msikilizaji: Alisema bei ilikuwa mbaya.
Mtangazaji: Na ya mwaka jana?
Msikilizaji: Hakusema kitu. Na mimi sikumuuliza.

Simiyu, mkoa uliotangazwa mwaka 2012, ni kitovu cha kilimo cha pamba nchini Tanzania. Pamba hupandwa kuanzia mwezi Novemba, na ununuzi hufunguliwa karibu na mwezi Mei. Kwa kijana wa Bariadi au Itilima, kusema "pamba ikiuzwa" ni kutaja tarehe ambayo kila mtu anaijua. Ahadi ya mahari pia haimhusu yeye peke yake. Katika desturi ya Wasukuma, mahari ya ng'ombe huzikutanisha familia mbili, na kuja kwa wazee ndiko kunakoyatoa mapenzi katika siri. Bei mbaya ni sababu ya kweli inayoweza kuahirisha safari hiyo. Ndiyo maana msimu wa kwanza katika Mfano wa 2 hauwezi kuhesabiwa kuwa udanganyifu, na muswada unaomhukumu kijana hapo ungekuwa wa haraka mno.

Uzito uko katika msimu wa pili. Sababu haikutolewa, na haikuulizwa. Hapo subira imekwisha kugeuka uvumilivu bila msemaji kugundua: hangoji tena jambo lenye tarehe, anabeba ukimya. Mtangazaji hahitaji kumwambia amwache mtu huyo au aendelee naye. Amekwisha kumfikisha kwenye swali ambalo anapaswa kulipeleka kwa mwenzake. Mazungumzo haya ni mahususi kuliko ya kwanza, lakini msikilizaji wa Maswa, Meatu au Busega anaweza kujipima nayo kwa urahisi zaidi, kwa sababu yana kitu cha kuhesabu.

Tamthilia ya redio ilikwisha kulionyesha jambo hili kwa njia yake. Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ilimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi wengi, na mkewe Tunu, ambaye mwanzoni anavumilia na baadaye anajisimamia. Uvumilivu wa Tunu ulikuwa na muda wa kusikika ukimwelemea, kipindi baada ya kipindi. Mtangazaji wa kuandikiwa ana dakika chache tu. Hawezi kuuonyesha muda, lakini anaweza kuuulizia.

4.0 Kutendwa na moyo uliovunjika

Udhaifu huohuo hujitokeza katika maswali ya kuachwa. Chukuliwe sentensi ya kutungwa: "Anti, nimetendwa. Moyo uliovunjika unaponaje?" Sehemu zake mbili hazitoki mahali pamoja. "Kuvunjika moyo" katika Kiswahili kilichozoeleka ni kukata tamaa. Mwanafunzi aliyefeli mtihani huvunjika moyo. Matumizi yake kwa maumivu ya mapenzi yana harufu ya tafsiri, ingawa sasa yameenea. "Nimetendwa", kwa upande mwingine, ni kauli hai ya mitaani. Kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendwa na mtenda hakutajwa, wala tendo lenyewe halikutajwa. Msemaji amesema tu kwamba jambo limefanywa juu yake.

Jibu la kawaida huushika moyo na kuliacha tendo: muda utaponya, jipende kwanza, Mungu atakupa mwingine. Lakini katika Simiyu kutendwa kunaweza kuwa ni baba kukataa mahari, ni mchumba kuoa kwingine, au ni fedha za mauzo kuondoka na mtu. La kwanza lina mlango wa wazee, la pili halina, na la tatu linaweza kufika kwa mtendaji wa kijiji. Jibu moja haliwezi kuyatosha yote matatu. Swali fupi la "Ulitendwa nini, na nani?" hurudisha mtenda aliyeachwa na sarufi, na ndilo linaloamua kama kinachotakiwa ni faraja au hatua.

Lugha ya utangazaji inaongeza ugumu. Redio nchini Tanzania hutangaza kwa Kiswahili, ilhali wengi wa wakazi wa Simiyu hupendana kwa Kisukuma. Tamko "nakutogilwe", linalotafsiriwa "nakupenda", lina kiambishi -w- kinachofanana na cha kauli ya kutendwa, kwa hiyo tafsiri yake ya Kiswahili inaficha umbo hilo. Muulizaji anayehamisha maumivu yake kutoka lugha moja hadi nyingine hushika kwanza misemo iliyo tayari. Mwandishi anayemtungia misemo hiyohiyo na kuiachia hapo ameandika uso wa swali tu. Muswada mzuri humpa mtangazaji kazi ya kuuliza mara ya pili, mpaka msemo utoe tukio.

5.0 Hitimisho

Muswada wa kipindi cha maswali ya mapenzi unaweza kupimwa kwa kufuta majibu yote ya mtangazaji na kusoma kauli za msikilizaji peke yake. Zikibaki swali na shukrani, hakukuwa na msikilizaji. Zikibaki msimu, wazee, ahadi na ukimya wa mwaka jana, mtangazaji amefanya kazi yake hata kama hakutoa ushauri wowote. Kipimo hiki hakiwezi kusema kama ushauri ni sahihi, lakini kinaonyesha kama ulikuwa na mtu wa kumfikia.