MSAMBA SI SAKAFU YA FUPANYONGA

Katika kijitabu kimoja cha mafunzo ya wakunga tulicholetewa ili tuhakiki lugha yake, tumekuta sentensi hii: "Msamba ukishonwa vizuri, sakafu ya fupanyonga imepona." Sarufi yake haina dosari. Kosa ni kwamba mfasiri amevifanya vitu viwili kuwa kimoja.

Msamba ni neno letu la asili, na wakunga wote wanalifahamu: ni sehemu iliyo baina ya uke na tundu la haja kubwa. Chini ya ngozi yake mna misuli midogo, ambayo huweza kuchanika mtoto anapotoka, kisha ikashonwa. Ndani zaidi, juu ya hiyo, umetandwa msuli mpana unaoanzia kwenye mfupa wa kinena na kuta za pembeni za fupanyonga, ukaishia nyuma kwenye kifandugu. Huo ndio unaobeba kibofu, mji wa mimba na puru. Una mwanya, ambamo hupita njia ya mkojo, uke na puru. Nao hukaza muda wote ili mwanya usipanuke. Ukilegea, uzito huangukia kano zinazoshikilia mji wa mimba, na kano hizo hurefuka. Kwa hiyo hata neno sakafu lina kasoro, maana sakafu haifanyi kazi. Tungependelea mfano wa susu, lakini sakafu limekwisha kuzoeleka.

Tuchukue mzazi ambaye msamba wake umeshonwa na kupona, lakini baadaye kila jioni anahisi uzito na uvimbe ukeni. Huenda ule msuli wa ndani ulibanduka kwenye mfupa wa kinena, upande mmoja, bila jeraha kuonekana nje. Mkunga humwambia abane kama azuiaye upepo, naye hupima kwa kidole: upande uliobanduka haubani. Anayekiamini kijitabu hatapima.

Kuhusu neva, mfasiri ameandika "neva ya aibu", na kusema kuwa huhudumia misuli yote ya hapo. Jina hilo ni tafsiri sisisi ya Kilatini, na hatuoni sababu ya kuwarithisha wanafunzi aibu ya Warumi. Neva hiyo hutokana na neva za sakramu za 2, 3 na 4, huzunguka mwiba wa mfupa wa kukalia, kisha huingia msambani kutokea chini. Msuli wa ndani hupata hasa matawi yake yenyewe, kutoka neva za 3 na 4, yanayoufikia kwa juu. Ndiyo maana mkunga akiitia ganzi neva ile ya kwanza, msamba hufa ganzi ilhali msuli wa ndani kwa kawaida huendelea kubana.

Tunapendekeza "neva ya msamba". Yupo atakayesema kuwa mojawapo ya matawi yake lina jina hilo; basi liitwe "tawi la msamba". Na sentensi ya kijitabu isomeke: "Msamba ukiisha kushonwa na kupona, sakafu ya fupanyonga ipimwe."