Ile Sentensi ya Rasta

Ujumbe uliingia WhatsApp usiku, kwa mwuza mafuta ya nywele wa Dar es Salaam. “Dada jamani mafuta yako! Nywele zangu za mbele zilikuwa zimeisha, sasa zimeanza kurudi. Tangu niache rasta mwezi wa tatu sijasuka tena. Mama naye kayapenda, anataka chupa yake.” Mwenye duka akapiga skrinishoti papo hapo, akaifuta ile sentensi ya rasta kwa kuwa aliona haihusu, na juu yake akaandika: “Kipara kwisha ndani ya wiki mbili!” Bahati nzuri, kabla ya kuiposti alimtumia binti anayemwandikia kapsheni.

Nimeketi na binti huyo akifanya kazi hii, na kinachonivutia kwanza ni jinsi anavyochelewa kuandika. Anausoma ujumbe wa mteja taratibu, akitenganisha yaliyosemwa na yaliyoongezwa. Mteja hakutaja kipara. Hakutaja wiki mbili. Hakusema nywele zimerudi, alisema zimeanza kurudi. Halafu anaiomba skrinishoti nzima, ile ambayo haijakatwa, na hapo ndipo anapoikuta rasta.

Sentensi ile ndiyo moyo wa ushuhuda wote. Nywele za mbele za wanawake wengi wanaosuka hupungua kwa sababu ya kuvutwa: rasta zikikazwa sana, au zikiwa nzito, shina la unywele huchoka kidogo kidogo hadi ule mstari wa paji la uso unarudi nyuma. Mtu akiacha kusuka mapema, nywele nyingi huweza kuota tena zenyewe, hata bila mafuta. Akichelewa miaka mingi, ngozi hupata kovu, vitundu vya nywele vikafa, na hapo hakuna cha kupaka kitakachozirudisha. Kwa hiyo anayeifuta sentensi ya rasta anayapa mafuta sifa ya kazi iliyofanywa na mapumziko. Msomaji atanunua chupa, ataendelea kukaza rasta zake, na baada ya miezi mitatu atamwambia jirani kwamba yule dada ni tapeli.

Zile wiki mbili nazo anazipima kwa hesabu nyepesi. Nywele za kichwani huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa wengine zaidi kidogo, kwa wengine pungufu. Wiki mbili ni nusu sentimita. Wanawake wanaozitazama nywele zao kila asubuhi kwenye kioo wanalijua hilo hata kama hawajawahi kushika rula, na wakikutana na ahadi ya wiki mbili wanaacha kuamini hata yale ya kweli yaliyoandikwa chini yake.

Kisha anarudi kwa mteja kupitia mwenye duka. Maswali yake ni machache, na hayamwelekezi mteja kwenye jibu. Ulianza kupaka lini? Unapaka mara ngapi? Kuna kingine ulichobadilisha? Zimeota wapi, na wapi bado? La mwisho: unaturuhusu tuuweke ujumbe wako, bila jina? Napenda sana lile swali la “wapi bado”, kwa sababu mteja aliyefurahi hapendi kumharibia mwenye duka, na bila kuulizwa hatalisema. Majibu yalikuja kwa sauti: alianza mwezi wa nne, anapaka usiku mara tatu kwa wiki, hakubadilisha kingine ila kuacha rasta. Pembeni vinywele vimeota, katikati ya paji bado. Ruhusa ametoa. Wakati huo ulikuwa mwezi wa saba, maana yake ushuhuda ni wa miezi mitatu ya mafuta na minne ya kupumzisha nywele.

Kwenye picha yenyewe ana mkono mkali. Jina, namba na picha ya wasifu vilivyo juu ya skrini anavikata kabisa, havipaki rangi. Wengi hutumia ile kalamu ya simu ya kung’arisha maandishi, bila kujua kwamba rangi yake inapitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha namba inasomeka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini nadhani hata isingekuwepo angekata hivyo hivyo, kwa heshima ya mtu aliyemwandikia dada yake usiku bila kuwaza umati. Ndani ya ujumbe hagusi kitu. Herufi iliyokosewa inabaki, “jamani” inabaki, mama anayetaka chupa yake anabaki pia, kwani hakuna mwandishi wa matangazo anayeweza kumbuni mama yule akaaminika.

Sasa anaandika. Instagram huonyesha herufi kama 125 tu za mwanzo kabla ya kuificha sehemu iliyobaki, na wasomaji wengi hawafungui. Wapo wanaotanguliza sifa na kuisukuma tahadhari chini kule kusikoonekana. Yeye huipandisha juu:

“‘Nywele zangu za mbele … sasa zimeanza kurudi.’ Mteja wetu aliacha rasta mwezi wa tatu, akaanza mafuta haya mwezi wa nne.

Anapaka usiku, mara tatu kwa wiki. Hadi sasa, mwezi wa saba, vinywele vimeota pembeni, katikati ya paji bado. Kuacha rasta kumemsaidia sana, hatuwezi kusema ni mafuta peke yake. Mafuta yanalainisha nywele na kupunguza kukatika. Ujumbe tumeuweka kwa ruhusa yake. Chupa ya mililita 100 ni shilingi 12,000.”

Mwenye duka aliposoma alinung’unika. “Sasa si ni kama tunawaambia wasinunue?”

“Hapana, mama. Tunawaambia nani anunue.”

Nimeitazama sana kapsheni ile na kila nikirudi naona kazi zaidi. Tarehe mbili za mstari wa kwanza zinamfanya msomaji afanye hesabu mwenyewe. “Katikati ya paji bado” inamwonyesha kwamba kuna kichwa cha kweli nyuma ya picha, chenye sehemu iliyokubali na sehemu iliyokataa. Hakuna neno “tibu” wala “ponya”, maneno yanayoyavusha mafuta kutoka kwenye urembo hadi kwenye dawa, na dawa ina mamlaka yake na vibali vyake. Halafu bei imekaa mwisho, bila alama ya mshangao.

Ustadi huu una mpaka wake. Kichwa kimoja, hata kikielezwa kwa uaminifu wote, hakisemi chochote kuhusu kichwa kingine, na kapsheni nzuri haiwezi kuligeuza hilo. Anachoweza binti ni kumpa msomaji vipimo vya kujilinganisha.

Jioni ile maoni ya kwanza yaliuliza: “Mimi nina sehemu imekuwa laini inang’aa, hata kinywele hakuna, miaka sita sasa. Yatanisaidia?” Mwenye duka alikuwa ameshaandika ndiyo. Binti akamwomba asitume, akaandika jibu jingine: “Pole dada. Sehemu inayong’aa hivyo mafuta yetu hayataiotesha. Muone daktari wa ngozi kwanza, na kwa sasa pumzisha nywele zisivutwe.”

Yule dada alishukuru. Kisha akauliza kama mafuta hayo yanamfaa binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye ndiyo kwanza nywele za mbele zimeanza kukatika.