Kijiko Hakijui Uzito wa Kahawa

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hupimiwa zao lake kwa kilo kwenye mizani ya chama cha ushirika, na hakuna anayethubutu kumlipa kwa idadi ya ndoo. Buni ile ile ikishakaangwa, ikasagwa na kufika jikoni, tunaipima kwa kijiko. Kijiko hupima nafasi: hueleza kahawa imejaza kiasi gani cha shimo lake, wala hakielezi ni kahawa kiasi gani iliyomo. Ladha ya kikombe hutokana na kahawa yenyewe iliyokutana na maji, na hiyo hujulikana kwa uzito.

Chanzo cha tofauti kiko kwenye moto. Buni inapokaangwa hupoteza maji na uzito, huku ikivimba. Kadiri inavyokaangwa kuelekea weusi, ndivyo inavyozidi kuwa kubwa na nyepesi. Hivyo kijiko kilichojaa kahawa nyeusi huwa na uzito mdogo kuliko kijiko hicho hicho kikibeba kahawa iliyokaangwa kidogo, ingawa kwa macho viko sawa. Usagaji nao una lake: chenga kubwa huacha mianya ya hewa, unga laini ukigongwagongwa hushikana. Tena kuna mkono wa mpimaji, kwani kijiko cha kichuguu chaweza kuzidi kijiko kilichosawazishwa kwa nusu nzima au zaidi.

Tuchukue chupa ya lita moja, na tuseme mapishi yetu ni gramu 60 za kahawa kwa lita hiyo. Kwa kahawa ya kukaangwa wastani, kijiko cha chakula cha mililita 15 kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 5 au 6. Kikibeba 6, vijiko kumi vinatimiza 60. Ukinunua paketi nyingine iliyokaangwa zaidi, kijiko kikabeba 5, vijiko vile vile kumi vinakupa 50: sehemu moja ya sita ya kahawa imepotea, na hesabu ya vijiko haijabadilika. Kahawa inatoka nyepesi. Hapo ndipo kosa kubwa hufuata, maana mpikaji akiiona nyepesi huiacha kwenye maji muda mrefu zaidi. Muda ukizidi huongeza uchungu. Haurudishi gramu kumi zilizokosekana. Kahawa inaishia kuwa nyepesi na chungu kwa pamoja, na lawama inaangukia paketi.

Kugeuza vijiko kuwa gramu si kazi ngumu. Weka bakuli kwenye mizani ya jikoni, rudisha namba hadi sifuri, kisha tia vijiko kumi, kila kimoja ukikisawazisha kwa mgongo wa kisu bila kuushindilia unga. Gawanya uzito kwa kumi. Sababu ya kupima kumi ni kwamba mizani nyingi za nyumbani husoma gramu nzima tu. Kosa la nusu gramu ni zito kwenye kijiko kimoja cha gramu 5, lakini kwenye 50 ni dogo mno. Kile kijiko maalumu cha kahawa, ambacho kwa kawaida ni cha mililita 30, hubeba takriban gramu 10. Basi maelekezo yanayosema kijiko hicho kimoja kwa mililita 180 za maji yanakaribia gramu 55 kwa lita. Maji nayo yapime hapo hapo: mililita moja ni gramu moja.

Wapo watakaouliza: mbona wauza kahawa wa pwani hujaza dele kwa mkono, na kahawa yao ni tamu? Ni kweli, na ustadi wao ni wa kuheshimiwa. Lakini mkono huo umezoea kahawa ya aina moja, dele moja na moto mmoja, siku baada ya siku. Umekuwa mizani. Mtu anayebadilisha paketi kila mwezi hana mazoea hayo ya kuegemea. Wengine watasema mizani ni gharama. Haihitajiki kila asubuhi. Ya kuazima kwa jirani inatosha, mradi upate uzito wa kijiko chako. Wala mizani haiokoi kahawa iliyoungua au iliyochacha kwa kukaa wazi. Inachofanya ni kuondoa shaka moja, ili ladha ikiharibika ujue utafute kwingine.

Andika uzito wa kijiko chako kwenye kopo la kahawa. Ukifungua paketi ya aina nyingine, au ukibadilisha usagaji, futa namba hiyo na upime tena vijiko kumi.