Kosa Huzaliwa Kwenye Maungio: Uchambuzi wa Video ya ORS Iliyoundwa kwa Vipande

Video ya elimu ya afya inayoundwa kwa vipande vilivyokwisha kurekodiwa na watu wengine huokoa gharama za kamera, lakini huongeza uzito wa uhariri, kwa kuwa vipande viwili ambavyo kila kimoja ni sahihi kikiwa peke yake vinaweza, vikishaunganishwa, kumfundisha mtazamaji jambo ambalo hakuna daktari aliyelisema. Uchambuzi huu unafuata mfano mmoja, nao ni video ya dakika tatu inayowaelekeza walezi wa watoto wanaoharisha namna ya kuandaa ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na glukosi unaoyeyushwa katika maji ili kurudisha maji na chumvi vilivyopotea mwilini.

Kazi huanza kabla ya kutafuta kipande chochote, kwa kuandaa jedwali la kauli, ambamo kila sentensi itakayosemwa na msimulizi huwekwa katika mstari wake, na mbele yake huandikwa mwongozo wa tiba ilikotoka pamoja na mwaka wake. Katika mfano huu kauli ni chache: pakiti yote imiminwe katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mchanganyiko utumike ndani ya saa 24, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na akitapika, mlezi angoje dakika 10 kisha aendelee kumnywesha polepole. Mwaka una maana yake, kwa sababu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza ORS yenye sodiamu na glukosi pungufu kuliko ile ya awali, hivyo kipande cha kabla ya hapo kinaweza kubeba maelezo yaliyopitwa na wakati ingawa picha ya mama na mtoto haijachakaa.

Hatua ya pili ni kukagua vipande, na hapa mhariri huorodhesha kila kipimo kinachoonekana, kuanzia pakiti na kijiko hadi jagi na chupa, hata kama msimulizi wa awali hakukitaja. Pakiti za ORS hazifanani duniani kote, kwani nyingi ni za lita moja, ilhali Misri katika miaka ya 1980 ilieneza pakiti za mililita 200 ili zilingane na glasi ya nyumbani. Mhariri akichukua picha ya pakiti ya lita moja inayofunguliwa, kisha akaunganisha na picha ya unga unaomiminwa katika glasi ya mililita 200, mtazamaji huona tendo moja lisilokatika, na akiliiga hupata mchanganyiko uliokolea mara tano, wenye sodiamu milimoli 375 kwa lita badala ya 75, kiwango kinachoweza kupandisha sodiamu ya damu ya mtoto hadi kuhatarisha ubongo wake. Kinyume chake, pakiti ya mililita 200 ikiunganishwa na picha ya jagi la lita moja, dawa huwa hafifu mara tano, na chumvi zilizopotea hazirudi ipasavyo.

Maandishi chini ya picha hayatoshi kuondoa kosa hilo, kwa kuwa asiyejua kusoma atafuata anachokiona. Njia salama ni kuliacha tendo zima la kupima na kumimina ndani ya kipande kimoja kisichokatwa, na pasipopatikana kipande cha namna hiyo, kurekodi picha hiyo moja upya kwa pakiti na chombo vinavyopatikana katika jamii husika.

Kosa la pili hutokana na muda unaofutwa na mkato. Picha ya maji yanayochemka ikifuatwa mara moja na ya unga unaomiminwa, mlezi anaweza kuelewa kwamba ORS hutiwa katika maji ya moto au huchemshwa pamoja nayo, ilhali maji hupozwa kwanza na mchanganyiko hauchemshwi. Kwa hiyo kati ya picha hizo huwekwa sufuria iliyofunikwa ikiwa imeshaepuliwa, huku msimulizi akitaja kupoza.

Ili kuyanasa makosa haya, mhudumu wa afya hutazama video mara ya kwanza bila sauti na kueleza alichofundishwa na picha pekee, kisha husikiliza sauti bila picha, na maelezo hayo mawili hulinganishwa na jedwali la kauli. Baadaye walezi wachache wa jamii hutazama na kuandaa ORS wenyewe, na maji waliyotumia hupimwa, kwani kuulizwa kama wameelewa huzaa jibu la ndiyo hata pale ambapo mikono ingekosea. Walezi kadhaa wakikosea mahali pamoja, mhariri hurudi kwenye maungio yaliyotangulia tendo hilo, na jedwali humwonyesha ni kipande kipi cha kubadilisha bila kuivunja video nzima.