Chembe za Anga: Kufuta Michirizi ya Ndege Juu ya Mwigobero

Kamera ikielekezwa ziwani kutoka Mwigobero, Musoma, siku isiyo na wingu, sehemu kubwa ya picha huwa anga tupu: buluu nzito juu, inayopauka kidogo kidogo hadi kwenye upeo wa Ziwa Viktoria. Hapo hakuna jani wala ukuta wa kuficha kosa la mkono. Ndege ndogo inayoteremka kwenye uwanja wa Musoma huonekana kama nukta tu, isiyo na mchirizi, kwa kuwa hewa ya chini ina joto. Mchirizi mweupe ni wa ndege kubwa zinazopita zaidi ya kilomita 10 juu, ambako kuna baridi kali kiasi kwamba mvuke wa injini huganda kuwa barafu. Kuvifuta vyote viwili ni kazi nyepesi. Kinachowashinda wengi ni alama ya kufutia, iwe doa la ukungu palipokuwa na mchirizi au ngazi za rangi zinazokatiza anga. Makosa hayo hayafanani kwa macho, lakini chanzo chake ni kimoja: chembe za picha zimepotea.

Tuchukue picha yenye anga la pikseli 2,400 kwenda juu, ambalo mng'aro wake unatoka 150 kileleni hadi 210 karibu na maji. Katika faili la biti 8 hizo ni ngazi 60 tu, kila moja ikiwa na upana wa pikseli 40, na jicho linaweza kuziona. Halizioni kwa sababu chembe zinazotoka kwenye kihisio cha kamera huchanganya pikseli za ngazi jirani, mpaka ukingo ukapotea. Anayelainisha anga kwa ukungu ili kuficha doa huondoa chembe hizo, na ngazi zote zinajitokeza. Ndiyo maana kazi ianze na faili ghafi la kamera, ligeuzwe kuwa la biti 16 (katika GIMP, Image > Precision), ambako ngazi zilezile 60 hugawanyika kuwa zaidi ya 15,000.

Nukta ya ndege huondoka kwa mguso mmoja wa Heal, ilimradi ni ndege kweli. Inayojirudia mahali palepale katika kila picha ni vumbi la kihisio. Mchirizi unataka subira. Heal huchukua chembe za mahali pa chanzo, kisha hulinganisha rangi na kingo za brashi. Kingo zikigusa weupe, weupe huo huvutwa ndani, na hapo ndipo doa linapozaliwa. Mchirizi unaoonekana kuwa na pikseli 30 huweza kuwa na utando hafifu hadi 60, hivyo brashi ya 90 si kubwa mno. Chanzo kiwe kando, kwenye kimo kilekile kutoka upeo. Mchirizi ukipita nyuma ya mlingoti wa mtumbwi, Heal itavuta weusi wa mlingoti. Hapo zungushia uteuzi, utumie Clone yenye ukingo mkali.

Jicho pekee halitoshi kuthibitisha kazi. Teua kisanduku kipana na kifupi kwenye anga safi, kwa kuwa kirefu kitahesabu pia mabadiliko ya rangi, kisha soma Std dev katika Histogram. Rudia kwenye kiraka. Tuseme safi ni 2.4 na kiraka ni 1.1. Pengo halijazwi kwa kutoa tu, kwani chembe hujumlishana kwa mraba: kipeuo cha pili cha 5.76 kutoa 1.21 ni takriban 2.1. Hizo ndizo chembe za kuongeza, zitiwe ukungu kidogo sana zifanane na jirani zake kwa ukubwa, kisha upime tena. Mwisho pandisha utofauti kwa Curves kali ya muda. Kiraka kibaya kitajitangaza.

Mtu atauliza faida ya biti 16 wakati JPEG ya mwisho ni ya biti 8, tena itapita WhatsApp. Kwanza, mahesabu ya katikati ndiyo yanayopoteza ngazi, si kugeuza kwa mwisho mara moja. Pili, mgandamizo hula chembe lakini huacha doa pana kama lilivyo. Hata hivyo pingamizi lina ukweli wake. Kupunguza picha kutoka pikseli 6,000 hadi 1,500 kwa upana hufanya pikseli 16 kuwa moja, na chembe za 2.4 hushuka hadi karibu 0.6, pungufu kuliko ngazi moja. Kwa hiyo punguza kwanza ukiwa bado biti 16, ongeza chembe hadi zifike kama 1 juu ya anga lote, ndipo uhifadhi JPEG ya ubora wa juu. Mgandamizo wa pili wa simu ukizifuta nazo, ngazi zitarudi, na hilo halizuiliki mezani kwa mhariri.