Shwari na Marejeo: Uhakiki wa Dua ya Mvuvi Kabla ya Kuingia Baharini

Utangulizi

Dua ambayo mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huiomba kabla ya kusukuma ngalawa majini hufupishwa kwa sentensi moja katika maandishi mengi: mvuvi anaomba bahari shwari na kurudi salama. Makala hii inadai kwamba ufupisho huo unapotosha ombi lenyewe katika sehemu zake zote mbili. Mvuvi wa tanga haombi shwari kwa maana yake kamili, na neno la kurudi katika dua yake hubeba maana mbili kwa pamoja. Dosari hiyo si ya wahakiki peke yao. Wanaoandaa tahadhari za bahari nao huielewa dua kama dalili ya kuridhia majaaliwa, ilhali ikisomwa vizuri hufichua swali ambalo tahadhari zenyewe aghalabu hazilijibu.

Umbo la dua

Dua hii ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya Kiarabu na haibadiliki. Huanza kwa Bismillahi na Fatiha, kisha yakaja maneno ya Nabii Nuhu katika Sura ya Hud, aya ya 41, ambayo yanakitaja chombo katika mwendo wake na katika kutia nanga kwake. Pengine huongezwa aya ya 13 na ya 14 za Sura ya Zukhruf, zinazosomwa mtu anapopanda mnyama au chombo. Ngazi ya pili ni ya Kiswahili. Hiyo hubadilika kwa msimu, kwa aina ya chombo na kwa haja za siku hiyo.

Tatizo la ukusanyaji huanzia hapa. Mtafiti wa fasihi simulizi anayetafuta maneno ya mvuvi mwenyewe huweza kuiacha ngazi ya kwanza kwa hoja kwamba ni maandiko yanayojulikana, akaandika ombi la Kiswahili peke yake. Matini ya namna hiyo hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa huanza ghafla na ombi, bila sifa wala jina la anayeombwa. Kinachobaki ni orodha ya haja tu. Hoja ya dua imo katika namna ngazi hizo mbili zinavyojibizana.

Kutiishwa si kutulia

Aya ya Zukhruf hutumia kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutiisha: chombo kimetiishwa kwa ajili ya binadamu, ambaye kwa nguvu zake mwenyewe asingekiweza. Kitenzi hichohicho ndicho uti wa mgongo wa Hizbul Bahri, uradi wa bahari wa Abul Hasan al-Shadhili, aliyefariki mwaka 1258 huko Misri ya Juu akiwa njiani kwenda hija. Ibn Battuta, aliyepita Aleksandria mwaka 1326 na Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuhifadhi uradi huo katika kitabu cha safari zake, akaeleza kwamba Shadhili mwenyewe aliusoma chomboni na wafuasi wake wakaendelea kuusoma. Tarika ya Shadhiliyya ilikita mizizi Komoro kupitia Sheikh Muhammad Maaruf, aliyefariki mwaka 1905, ikafika pia Msumbiji. Uradi huo basi si mgeni katika bahari hii.

Masimulizi ya chimbuko lake yanafaa kuzingatiwa. Inasimuliwa kwamba chombo cha Shadhili kilikwama siku kadhaa, si kwa dhoruba bali kwa kukosa upepo wa kukipeleka. Kilichoombwa kilikuwa upepo unaotii. Utulivu wa maji peke yake haungetosha.

Mvuvi wa ngalawa yuko katika hali hiyohiyo. Shwari tupu humlazimu kupiga kasia, na samaki huharibika kabla ya kufika sokoni. Anachohitaji ni upepo wa kadiri: umande, yaani upepo wa nchi kavu, umtoe alfajiri, na upepo wa baharini umrudishe mchana. Kwa hiyo ombi la “bahari tulivu” katika ngazi ya Kiswahili halina budi kusomwa kwa mwanga wa kitenzi cha ngazi ya kwanza. Utulivu unaoombwa ni wa bahari yenye mwendo unaoweza kuongozwa.

Kurejea kwa namna mbili

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Aya ya 14 ya Zukhruf hufunga kwa kukiri kwamba wasafiri watarejea kwa Mola wao. Baada ya hapo ndipo mvuvi huomba kwa Kiswahili arejee kwa watu wake. Marejeo mawili yanawekwa bega kwa bega: la kwanza ni la yakini, la pili ni la matumaini. Muumini husema pia kwamba kwake Yeye tutarejea anapopokea habari ya msiba. Mwenye kuomba kurudi nyumbani ametanguliza kukiri safari isiyo na kurudi nyumbani.

Je, huku si kukata tamaa? Nafasi ya dua katika mpangilio wa kazi inakanusha. Dua huja baada ya mirengu kukazwa, tanga kukaguliwa na kata ya kufulia maji kuwekwa chomboni. Kukiri kifo hakuchukui nafasi ya maandalizi, bali huyafunga. Maneno ya Nuhu yana mpangilio huohuo, kwani kutia nanga kunatajwa kabla chombo hakijaondoka.

Ambacho dua inauliza

Hatari ya kurudi inaweza kuonyeshwa kwa siku moja ya bamvua katika msimu wa kusi. Maji hujaa takriban saa kumi alfajiri, hupwa kufikia saa nne asubuhi, kisha hujaa tena saa kumi jioni. Ngalawa inayotoka baada ya maji kujaa hupelekwa nje na maji yanayopwa pamoja na umande. Ikirudi kabla ya saa kumi jioni, maji na upepo vyote huelekea pwani. Ikichelewa, maji huanza kutoka kwa kasi kupitia mlango wa mwamba huku kusi ikivuma kuelekea ndani. Vinapokabiliana, mawimbi hupanda yakawa mafupi na yenye kuta, na chombo chembamba hujaa maji. Mlango uleule uliopitika asubuhi bila taabu huwa mahali pa kuzama jioni.

Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja, kwa kawaida, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika eneo pana la pwani. Taarifa hiyo ni ya lazima, lakini inaeleza hali ya bahari. Mvuvi anayeikuta asubuhi tulivu machoni pake huiona kama imekosea, akaondoka. Dua yake imegawanyika kwa kwenda na kurudi, wakati taarifa haikugawanyika hivyo. Tahadhari ambayo ingetaja saa ya kupwa pamoja na saa ambayo upepo utaongezeka ingejibu swali ambalo mvuvi tayari ameliuliza kwa lugha ya dua.

Hitimisho

Uhakiki huu una mpaka wake. Umeshughulikia dua ya wavuvi Waislamu wa vyombo vya tanga, na boti ya mashine hubadilisha haja ya upepo, ingawa haibadilishi mlango wa mwamba. Ndani ya mpaka huo, matokeo mawili ni dhahiri. Dua ya mvuvi inapaswa kuandikwa kwa ngazi zake mbili, kwa sababu ikikatwa hubadilika maana. Nayo maafisa wanapoisikia ufukweni, wasiichukue kama ushahidi wa mtu asiyehesabu hatari. Ni maneno ya mtu aliyekwisha kuihesabu, akabakiza sehemu moja ambayo hesabu yake haiifikii, nayo ni saa ya kurudi.